Jinsi ya kutumia kadi za maoni mgahawani, kuanzia kukata karatasi mpaka kurekebisha kinachowaudhi wateja

Kila nikikutana na wenzangu wa biashara ya chakula, maswali ni yale yale. Niweke maswali mangapi? Sanduku la maoni nilitundike wapi? Mbona kila mteja anaandika "huduma nzuri, Mungu awabariki", halafu mwezi unaofuata simwoni tena? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika yote hapa. Mfano nitakaoutumia ni wa mgahawa wangu wa chakula cha mchana Morogoro. Tunauza sahani kama 90 kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi, nyingi kati ya saa sita na nusu na saa nane na nusu. Kama una saluni au unashona nguo, hatua ni hizi hizi, utabadilisha maneno ya kwenye kadi tu.

Kukusanya kadi kunachukua wiki mbili, na kuhesabu jioni moja.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi 100 za A4. Kila moja ukiikata vipande vinne unapata kadi nne, yaani kadi 400.
- Peni 20. Usinunue tano, zitaondoka na wateja siku ya kwanza.
- Boksi lenye tundu juu na kufuli, au lililofungwa kwa gundi ya karatasi. Ndoo iliyo wazi haifai.
- Kauntabuku moja ya kuhesabia.
- Simu yenye saa ya kupimia dakika.
- Mtu mmoja wa kugawa kadi kila siku, anayejua kwamba hilo ni jukumu lake.

Kipimajoto cha chakula si lazima, lakini kwangu ndicho kilichomaliza ubishi, nitaeleza mbele.

Hatua ya 1: Andika unachoweza kubadilisha

Kabla hujatunga swali hata moja, fungua ukurasa wa kwanza wa kauntabuku uandike mambo ambayo una uwezo wa kuyabadilisha mwezi huu kwa pesa uliyonayo. Mimi niliandika haya: mpangilio wa jiko, idadi ya wahudumu, ukubwa wa sahani, viungo, usafi wa meza na choo. Sikuandika eneo, kwa sababu mkataba wa pango bado una miaka miwili. Sikuandika maegesho ya magari, kwa sababu barabara si yangu.

Swali ambalo jibu lake hutalifanyia kazi, usiliulize. Ukimwuliza mteja kama angependa tufungue tawi mjini atasema ndiyo, na hiyo itakusaidia nini?

Hatua ya 2: Tunga maswali matatu, yasizidi

Mteja wa mchana ana dakika 40 za mapumziko. Ukimpa karatasi ya maswali 12 ataweka vema upande mmoja kuanzia juu hadi chini, kisha utakaa usiku kuhesabu vitu visivyo na maana. Hii ndiyo kadi niliyoishia nayo baada ya kuharibu mbili za mwanzo:

KADI YA MAONI (usiandike jina)

1. Chakula ulichokula leo kilikuwaje?
□ Kizuri □ Cha kawaida □ Kilikuwa na kasoro

2. Tukipewa nafasi ya kurekebisha kitu kimoja tu, tuanze na kipi? Chagua KIMOJA.
□ Ladha □ Joto la chakula □ Kiasi □ Kusubiri □ Usafi □ Kauli ya mhudumu □ Kingine: ________

3. Nini kilitokea leo mpaka ukachagua hicho?
______________________
______________________

(Ijazwe na mhudumu) Siku: ____ Muda: □ Kabla ya 7:00 □ 7:00–7:45 □ Baada ya 7:45

Swali la kwanza ni la kumfungua mdomo mteja. Usilitegemee. Sisi watu wa huku tumelelewa kutomwambia mwenye chakula kwamba chakula chake kibaya, hasa akiwa amesimama pale. Katika kadi 214 zilizorudi kwangu, 168 zilisema "kizuri". Ningeishia hapo ningelala usingizi mnono, na wateja wangeendelea kupungua.

Swali la pili ndilo lenye kazi, na nguvu yake iko kwenye neno "kimoja". Halimwulizi mteja kama kuna tatizo, kwa sababu atasema hakuna. Linachukulia kwamba lipo la kurekebisha, na linampa ruhusa ya kulitaja bila kuonekana mkorofi. Anayelazimika kuchagua kimoja atakupa kile kinachomkera kuliko vingine.

Swali la tatu linauliza kilichotokea *leo*. Ukiuliza "huduma yetu kwa kawaida ikoje", utapata sifa za jumla. Ukiuliza leo, utaandikiwa "nimesubiri chenji mpaka nikachelewa kazini". Hicho ni kitu cha kushika mkononi.

Umeona "Bei" haimo kwenye orodha. Kadi yangu ya kwanza ilikuwa nayo, na karibu kila mtu aliiwekea vema. Nani asiyetaka chakula kishuke bei? Chaguo hilo lilimeza mengine yote. Bei ichunguze kwa namna nyingine, mfano kwa kuangalia sahani zipi zinabaki jioni. Mwenye hoja nzito ya bei ataiandika kwenye "Kingine".

Makosa matatu ya maswali ninayoyaona kila mara:

- Kuunganisha mambo mawili: "Je, chakula ni kitamu na huduma ni ya haraka?" Akijibu hapana, hujui ni kipi.
- Kumwekea mteja jibu mdomoni: "Unafurahia kiasi gani huduma yetu bora?" Hilo ni tangazo lenye alama ya kuuliza.
- Kuuliza ya mbeleni: "Tukiuza juisi ya ukwaju, utanunua?" Watasema ndiyo kwa adabu. Pika lita tano, weka kaunta siku tatu, uone zinaisha au hazisogei.

Hatua ya 3: Chapisha, na uache nafasi ya muda

Peleka steshenari karatasi moja yenye kadi nne, itolewe kopi 100, kisha zikatwe kwa mashine yao. Nyeusi na nyeupe inatosha. Maandishi yawe makubwa ya kusomeka bila miwani, maana wateja wengi wa makamo miwani yao wameiacha ofisini.

Ule mstari wa siku na muda watu wengi huufuta ili kadi ipendeze. Usiufute. Mhudumu auwekee alama *kabla* ya kumpa mteja kadi. Utaona kwenye hatua ya saba kwamba bila huo mstari nisingepata nusu ya nilichopata.

Hatua ya 4: Ijaribu kwa watu watano

Wape watu watano ambao si ndugu zako wala wafanyakazi wako. Kaa pembeni, usieleze chochote, uangalie peni inakwama wapi. Kwangu ilikwama kwenye "Kiasi". Mmoja alidhani ni kiasi cha pesa. Niliiacha kwa sababu wanne walielewa, na baadaye nilijuta kidogo. Wewe andika "Kiasi cha chakula".

Hatua ya 5: Gawa kwa zamu, usichague nyuso

Hapa ndipo kadi nyingi zinapoharibikia. Mhudumu akiachiwa achague wa kumpa, atampa mteja anayecheka, atampita aliyenuna. Na ukitundika boksi ukutani kisha ukangoja, wanaoandika ni wa aina mbili tu, waliokasirika sana na rafiki zako.

Weka kanuni isiyo na huruma: kila mteja wa tatu anayemaliza kula. Wa tatu, wa sita, wa tisa. Akiwa bosi, akiwa fundi gereji, akiwa amekunja uso, ndiye. Kwa sahani 90 hiyo ni kadi 30 kwa siku, na kwa siku 12 za kazi ni kadi 360. Ukikata 400 unabaki na za akiba.

Muda wa kutoa kadi ni mteja anapoomba bili. Mapema zaidi hajamaliza kula, baadaye zaidi ameshasimama. Mhudumu aseme maneno machache tu: "Kaka, tunaomba dakika moja, hatuandiki jina, ukimaliza tumbukiza pale." Kisha aondoke. Akisimama karibu akitabasamu, kadi itasema huduma nzuri.

Boksi likae karibu na mlango wa kutokea, mbali na kaunta, na wafanyakazi wasilifungue. Mimi nililifungua kila Jumamosi jioni nikiwa peke yangu.

Mawili ya kuwa nayo makini. La kwanza, usitoe soda ya bure kwa kila anayejaza. Utapata kadi nyingi za sifa, maana nani atakusema vibaya huku anakunywa soda yako? La pili, waambie wafanyakazi mapema, na umaanishe, kwamba hakuna atakayefukuzwa wala kukatwa mshahara kwa sababu ya kadi. Wakihisi ni mtego, kadi zenye "Kauli ya mhudumu" hazitafika kwenye boksi. Sitaki kusema nimejuaje.

Hatua ya 6: Watafute walioacha kuja

Kadi ya mezani inamsikia aliyekuja. Aliyeacha kuja mwezi uliopita haisikii, na huyo ndiye mwenye habari nzito. Kwangu kulikuwa na ofisi zilizokuwa zikiagiza chakula cha kupelekewa, na namba zao zilikuwa kwenye simu ya oda. Nilichagua namba 15 ambazo hazikuwa zimeagiza kwa wiki sita, nikaandika ujumbe mmoja wa WhatsApp:

"Habari za leo. Mimi ni mwenye mgahawa mliokuwa mkiagiza chakula cha mchana. Sitaki kuuza chochote leo, naomba tu kujua: siku ya mwisho mlipoagiza, kuna kitu hakikwenda sawa? Hata neno moja linatosha."

Walijibu tisa. Ukituma fomu ya kubonyeza badala ya ujumbe kama huu, wachache watafungua. Fomu ya Google Forms inafaa kwa wateja wa mtandaoni unaowatumia kiungo mara tu baada ya oda. Ukiitengeneza, hakikisha sehemu ya "Collect email addresses" iko kwenye "Do not collect", vinginevyo mteja ataona anaombwa barua pepe na atafunga.

Namba ya mtu si ya kuchezea. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwao ya mwaka 2019. Namba iliyotolewa kwa ajili ya oda ulizia oda ile tu, usiitie kwenye kundi la matangazo. Na anayekwambia usinitumie tena, ifute mbele yake.

Hatua ya 7: Hesabu kwa mafungu juu ya meza

Baada ya siku 12, kati ya kadi 360 nilizogawa, 214 zilirudi. Tisa hazikuwekwa vema kwenye swali la pili, zikabaki 205 za kuhesabu. Safisha meza kubwa, panga kadi kwa mafungu kufuata jibu la swali la pili. Usianze kusoma maoni, utanogewa na moja ya kuchekesha usahau nyingine. Yangu yalikaa hivi:

Kusubiri 71
Joto la chakula 48
Kiasi 29
Kingine 20
Ladha 17
Usafi 12
Kauli ya mhudumu 8

Sasa chukua mafungu mawili makubwa tu. Mengine yafunge kwa rababendi uweke kabatini.

Fungu la kusubiri. Nilipoona 71 nilishaanza kuwaza kuajiri mhudumu wa tatu. Kisha nikasoma swali la tatu. Kadi 44 kati ya hizo zilikuwa na maelezo. Kumi na moja zililalamikia chakula kuchelewa kufika mezani. Saba zilikuwa na maneno yasiyoeleweka. Na 26, zaidi ya nusu, zilitaja *chenji*. "Chakula kimekuja haraka, chenji imekuja baada ya robo saa." "Mdada kaenda kutafuta chenji hakurudi." Mshahara wa mhudumu wa tatu usingetibu hilo hata kidogo. Angekuwa mtu mwingine wa kwenda kutafuta chenji duka la jirani.

Fungu la joto. Hapa maelezo yalikuwa mafupi, "wali umepoa", basi. Kilichosaidia ni ule mstari wa muda. Niligawa kadi 48 kwa muda: kabla ya saa saba zilikuwa 6, saa saba hadi saa nane kasorobo 11, na baada ya hapo 31. Ila usirukie hitimisho, maana huenda wateja wengi huja muda huo. Hesabu na kadi *zote* za muda ule. Kwangu zilikuwa 70, 80 na 55. Yaani wa mapema walilalamika 6 kati ya 70, wa mwisho 31 kati ya 55. Zaidi ya nusu ya waliokula mwishoni walitaja joto. Hapo huna haja ya mtaalamu wa takwimu.

Ukiwa umeingiza majibu kwenye jedwali la simu, nguzo C ikiwa na jibu la swali la pili na D ikiwa na muda, fomula moja inafanya kazi hiyo:

```
=COUNTIFS(C:C,"Joto la chakula",D:D,"Baada ya 7:45")
```

Onyo moja la hesabu. Tofauti ndogo usiishughulikie. Usafi 12 na kauli 8 kwenye kadi 205 ni kitu kimoja, wiki nyingine zinaweza kugeuziana nafasi bila sababu yoyote. Kama una kadi chini ya 50, amini fungu moja lililo kubwa waziwazi, mengine yaache.

Hatua ya 8: Kabla ya kutumia pesa, nenda ukaone kwa macho

Kadi inakuonyesha mahali pa kuangalia. Haikwambii sababu. Mteja anajua wali umepoa, hajui hotipoti yako ina kasoro gani.

Kwa upande wa chenji, nilikaa kaunta siku mbili na saa ya simu. Nilianza kuhesabu mteja anapotoa noti, nikakata anapopokea chenji, kwa wateja 20. Waliotoa pesa kamili au karibu na kamili walimaliza chini ya dakika moja. Waliotoa noti ya 10,000 kwa sahani ya 3,500 walisubiri dakika nne hadi tisa. Droo yetu asubuhi ilikuwa inaanza na pesa iliyobaki jana, na jioni mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nachukua noti ndogo kwenda nazo sokoni alfajiri. Tatizo lilikuwa mimi.

Kwa upande wa joto, nilichomeka kipimajoto kwenye wali wa hotipoti kubwa. Saa saba kilisoma nyuzi 68, saa nane kilisoma 47. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kihifadhiwe kwenye joto linalozidi nyuzi 60 mpaka kinapoliwa, kwa hiyo lile halikuwa suala la ladha peke yake, lilikuwa la matumbo ya watu. Mpishi alikuwa anabisha kwamba hotipoti ni mpya. Kweli ilikuwa mpya. Ila kifuniko kilikuwa kinafunguliwa kila anapopakua sahani, na kati ya saa sita na nusu na saa nane hiyo ni mara nyingi mno. Hotipoti hutunza joto ikiwa imefungwa.

Hatua ya 9: Badilisha, waambie, pima tena

Kwa chenji nilifanya mawili. Kila asubuhi droo inaanza na shilingi 60,000 za chenji ambazo hakuna anayezigusa kwa matumizi mengine: sarafu 40 za 500 na noti 40 za 1,000. Anayetoa 5,000 kwa sahani ya 3,500 anarudishiwa 1,500, kwa hiyo zinatosha wateja 40 wa namna hiyo. Pili, nilibandika lipa namba kwenye kila meza badala ya ile moja iliyokuwa kaunta nyuma ya jagi la maji.

Kwa wali, niliacha hotipoti moja kubwa nikanunua mbili za kati. Ya kwanza inafunguliwa saa sita na nusu. Sufuria ya pili ya wali inaepuliwa karibu na saa saba, inaingia kwenye hotipoti ya pili, na hiyo haifunguliwi mpaka saa saba na nusu.

Kisha nilibandika karatasi mlangoni: "Mlituambia chenji inachelewa na wali wa mwisho umepoa. Tumeongeza chenji, na tunapika wali mara mbili." Bila kusema hivyo, mteja hajui kadi yake ilisomwa, na mara ya pili hajazi.

Ngoja mwezi mmoja, gawa tena kadi zile zile, kwa kanuni ile ile ya mteja wa tatu. Ukibadilisha maneno ya swali huwezi kulinganisha. Mara ya pili nilipata kadi 192 za kuhesabu. Joto lilishuka kutoka 48 hadi 15, kusubiri kutoka 71 hadi 33. Kiasi kilipanda kutoka 29 hadi 52, kikawa cha kwanza.

Nilipoona hivyo nilishtuka, nikadhani mpishi ameanza kupunja. Hapana. Kadi inamlazimisha mtu achague kimoja, kwa hiyo kero moja ikiondoka, iliyokuwa chini yake inapanda juu. Kupanda huko hakumaanishi kwamba imekuwa mbaya zaidi kuliko mwanzo. Ukitaka kujua kama imekuwa mbaya, pima chenyewe: mimi nilipima vikombe vya wali kwa kila sahani, na vilikuwa vile vile viwili. Na tena, nilipowasoma waliotaja kiasi, karibu theluthi walisema wali ni *mwingi* na mboga ndiyo kidogo.

Ukikwama

*Kadi zinarudi tupu au zina vema la swali la kwanza tu.* Mara nyingi hakuna peni mezani, au mhudumu anatoa kadi mteja akiwa ameshasimama. Angalia hayo mawili kabla hujabadilisha maswali.

*Kadi zote zinasema vizuri, na mwandiko unafanana.* Zinajazwa na wafanyakazi. Usigombane nao. Andika namba ndogo nyuma ya kila kadi, mpe mhudumu 30 kwa siku, jioni akurudishie zilizobaki. Na urudie ile ahadi kwamba hakuna wa kufukuzwa.

*Wateja wangu wengi hawasomi, au hawapendi kuandika.* Weka makopo matatu mlangoni, moja lina picha ya sahani inayofuka moshi, la pili lina saa, la tatu lina ufagio. Mpe kila mteja wa tatu kifuniko kimoja cha soda akitumbukize kwenye kinachomkera. Hutapata maelezo, kwa hiyo hatua ya nane ndiyo itakayobeba mzigo.

*Kadi moja imemtukana mhudumu kwa jina.* Kadi moja si ushahidi. Iweke pembeni. Zikifika tatu za siku tofauti zikieleza jambo linalofanana, mwite mwenyewe faragha, msomee maneno bila kumwonyesha mwandiko, umsikilize. Kwangu, mmoja aliyeandikiwa "ananuna" tulikuta ndiye anayebaki peke yake ukumbini wenzake wakienda kula.

*Nina wateja kumi tu kwa siku.* Achana na kadi. Kaa na watano kwa wiki, uwaulize swali la pili na la tatu kwa mdomo, uandike maneno yao kama walivyoyasema. Au mtume mtu ambaye hawamjui kuwa ni wa kwako, maana wewe mwenyewe watakuonea haya.

*Kila kitu kimegawanyika sawasawa, hakuna fungu kubwa.* Gawanya kwa muda na kwa siku kama nilivyofanya kwenye joto. Kama bado ni sawasawa, huenda orodha yako haina kile kinachowakera. Soma zile za "Kingine" zote, neno kwa neno. Kwenye zangu 20, sita zilitaja kitu ambacho sikuwahi kukifikiria: bomba la kunawia liko upande wa jikoni, na mtu akitoka kunawa anapita katikati ya moshi.

*Nimerekebisha na bado wanalalamika jambo lile lile.* Angalia tarehe za kadi. Kama malalamiko yamejaa siku moja ya wiki, mfano Jumamosi, uliza nani anakuwa zamu siku hiyo na kama aliambiwa utaratibu mpya. Kwangu kijana wa Jumamosi alikuwa hajui kwamba hotipoti ya pili haifunguliwi kabla ya saa saba na nusu. Sasa imeandikwa kwa kalamu nene juu ya kifuniko.